Jedwali la Hesabu na Kiingereza halijumliki? Anza na dalili, utalifikia kosa

Kila matokeo ya mtihani wa ujirani mwema yakitoka kuna kitu mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma anataka kabla hata ya wastani: wangapi wamefaulu Hesabu na Kiingereza yote mawili, wangapi moja tu, wangapi hawajafaulu lolote. Kibox kidogo tu cha seli nne, lakini ndo kinachopangia watoto darasa la jioni, na kikikosewa kuna mtoto anapelekwa kurudia somo aliloshafaulu na mwenye shida kweli anaachwa. Kwa hiyo tukae nalo vizuri.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho, tuseme ni shule ya kata huko Newala, kidato cha tatu, wanafunzi 126 kwenye orodha. Namba ni za mfano, nimezipanga ili makosa yaonekane. Kufaulu hapa ni D kwenda juu, yaani alama 30 kwenda juu, kama gredi za kidato cha nne za NECTA. Majina yako safu B, Hesabu safu C, Kiingereza safu D, mstari wa 2 hadi wa 127. Kati ya hao 126 kuna 120 waliofanya mitihani yote miwili na jedwali lao sahihi ni hili:

| | Kiingereza faulu | Kiingereza feli | Jumla |
|---|---|---|---|
| Hesabu faulu | 33 | 8 | 41 |
| Hesabu feli | 45 | 34 | 79 |
| Jumla | 78 | 42 | 120 |

Soma hivi: 33 wamefaulu yote mawili, 8 Hesabu peke yake, 45 Kiingereza peke yake, 34 hawana hata moja. Seli nne za ndani kila mtoto yuko kwenye moja tu, hawezi kukaa mbili na hawezi kukosa. Namba za pembeni (41, 79, 78, 42) ni jumla za mistari na safu. Ukishika tofauti ya za ndani na za pembeni nusu ya matatizo yote yanaisha, sasa twende kwenye dalili.

Jumla imezidi idadi ya wanafunzi

Hii ndo inayotokea sana kwa wanaohesabu kwa mkono. Mwalimu wa Hesabu kaleta "waliofaulu 41", wa Kiingereza kaleta "waliofaulu 78", wewe umehesabu wasiofaulu lolote 34, unajumlisha unapata 153 wakati watoto ni 120. Zimezidi 33. Angalia hiyo 33 vizuri, ni wale wale waliofaulu yote mawili, wamehesabiwa kwa mwalimu wa Hesabu na wakahesabiwa tena kwa mwalimu wa Kiingereza.

Ukiwa umeongeza na hao 33 wenyewe kama kundi la peke yake, yaani 41 + 78 + 33 + 34, unapata 186 na ziada inakuwa 66, mara mbili ya 33. Kwa hiyo ziada yenyewe inakuambia umekosea wapi: ikilingana na idadi ya waliofaulu yote mawili umewahesabu mara mbili, ikiwa mara mbili yake umewahesabu mara tatu. Chanzo ni kuchukua namba ya pembeni ukaiweka ndani. Dawa ni kutoa: Hesabu peke yake ni 41 − 33 = 8, Kiingereza peke yake ni 78 − 33 = 45, halafu 33 + 8 + 45 + 34 inarudi 120.

Ziada ikiwa namba nyingine kabisa, mfano 2 au 5, usilazimishe maelezo haya. Hapo angalia kama kuna jina limeandikwa mara mbili kwenye orodha, hasa mtoto aliyehamia toka mkondo A kwenda B katikati ya muhula na kila mwalimu wa darasa bado anamdai ni wake.

Seli moja imetoka hasi, au kubwa kuliko pembeni yake

Umepigiwa simu, umeambiwa Hesabu 41, Kiingereza 78, yote mawili 45. Unatoa 41 − 45 unapata −4. Watoto hasi hawapo, kwa hiyo mojawapo ya hizo namba tatu si yenyewe. Waliofaulu yote mawili hawawezi kuzidi waliofaulu lile somo lenye wachache, hapa mwisho ni 41. Na kuna kikomo cha chini pia: jumlisha waliofaulu Hesabu na waliofaulu Kiingereza utoe idadi ya watoto, 41 + 78 − 120 ni −1, ikiwa hasi basi kikomo ni sifuri. Lakini kama Kiingereza wangefaulu 100 ingekuwa 41 + 100 − 120 = 21, yaani lazima angalau 21 wawe wamefaulu yote, na ukiletewa 15 unajua kuna shida kabla hujafungua karatasi hata moja.

Kwenye mfano huu mwenye simu alimaanisha 45 waliofaulu Kiingereza peke yake, akaisema kama ya yote mawili. Ndo maana ni bora uulize swali kwa urefu wake: "Mwalimu, hao 45 wamefaulu Kiingereza na Hesabu wakafeli, au wamefaulu zote?" Na ujue pia kwamba jumla za pembeni peke yake hazitoshi kujaza jedwali. Unahitaji walau namba moja ya ndani, ukiipata hiyo moja zingine tatu zinapatikana kwa kutoa.

Jumla imepungua, unapata 120 wakati watoto ni 126

Hapa tumeshaingia kwenye Eksel au Google Sheets. Fomula nne za kawaida ni hizi:

```
=COUNTIFS(C2:C127,">=30",D2:D127,">=30")
=COUNTIFS(C2:C127,">=30",D2:D127,"<30")
=COUNTIFS(C2:C127,"<30",D2:D127,">=30")
=COUNTIFS(C2:C127,"<30",D2:D127,"<30")
```

COUNTIFS ikiambiwa "<30" au ">=30" inahesabu namba tu. Seli tupu inairuka, seli yenye X inairuka. Kwa hiyo upungufu wa 6 mara nyingi si kosa la fomula, ni watoto ambao hawakufanya mtihani mmoja au yote. Hakikisha kwa kuandika `=COUNT(C2:C127)`, inakuhesabia seli zenye namba. Kwenye mfano wetu Hesabu inatoa 121 na Kiingereza 122, maana 3 hawakufanya chochote, 2 walifanya Kiingereza wakakosa Hesabu, na 1 alifanya Hesabu akakosa Kiingereza. Mtihani ukiangukia msimu wa korosho hii idadi inaweza kuwa kubwa kuliko hivi, kwa hiyo usiichukulie kama kitu cha kupuuza.

Lakini kuna chanzo kingine kinachofanana sana na hicho: alama ipo na unaiona kwa macho ila kompyuta inaiona kama maneno. Inatokea ukikopi alama kutoka ujumbe wa simu ukapesti, unakuta nafasi imeganda mbele ya 45, au mtu kaandika 4 na herufi O badala ya sifuri. Utaitambua kwa sababu namba ya kweli inajipanga kulia kwenye seli na maneno yanajipanga kushoto (kama hujagusa mpangilio), na Eksel wakati mwingine inaweka kipembe cha kijani kwenye kona. COUNT ikitoa pungufu kuliko karatasi ulizosahihisha, tafuta hizo. Zikiwa chache ziandike upya kwa mkono, ni haraka kuliko fomula yoyote.

Chanzo cha tatu ni alama ya 30 kamili. Ukiandika ">30" kwa waliofaulu na "<30" kwa waliofeli, mwenye 30 juu ya mstari hana kwa kwenda na jumla inapungua kwa idadi ya wenye 30. Hili nalisema haraka kwa sababu dawa yake ni alama moja ya sawasawa, ila angalia fomula zote nne maana mtu anarekebisha moja anasahau tatu. Na ukiona seli inaonyesha 30 lakini mtoto anaingia kwa waliofeli, bofya uone kama ndani ni 29.5 iliyofupishwa kwa kuonekana tu. Uamuzi wa kuipandisha au kuiacha ni wa shule, ila uwe mmoja kwa watoto wote, na upandishaji ufanyike kwenye alama yenyewe kwa ROUND.

Jumla ni 126 safi, lakini mtoto ambaye hakuja yuko kwenye waliofaulu

Hii naiogopa kuliko zilizopita kwa sababu jumla inakudanganya kuwa kila kitu kiko sawa. Kuna walimu hawatumii COUNTIFS, wanaweka safu ya msaada kwanza:

```
=IF(C2>=30,"Faulu","Feli")
```

halafu wanahesabu Faulu na Feli. Sasa kwenye Eksel, ukilinganisha maneno na namba, maneno yanahesabika makubwa kuliko namba yoyote. Kwa hiyo X ni kubwa kuliko 30 na mtoto aliyekuwa shambani na wazazi wake anaandikiwa Faulu. Seli tupu ni kinyume chake, inachukuliwa kama 0, mtoto anaandikiwa Feli wakati hajafanya.

Tuone kwa namba. Ukijaza X kwa wote ambao hawakufanya, yote mawili inatoka 33 ikawa 38 (wale 3 wasiofanya chochote, na wale 2 waliofaulu Kiingereza wakakosa Hesabu), Kiingereza peke yake inakuwa 46 kwa sababu ya yule 1 aliyefeli Hesabu akakosa Kiingereza, Hesabu peke yake inabaki 8, wasio na lolote wanabaki 34. Jumla 126. Ukiacha seli tupu, yote mawili inabaki 33, Hesabu peke yake 8, Kiingereza peke yake 47, wasio na lolote 38, jumla 126 tena. Majedwali mawili tofauti kwa watoto wale wale, na yote yanajumlika!

Njia ya kugundua ni kuchuja orodha kwa X au kwa seli tupu na kusoma safu ya msaada imewaandikia nini hao watoto. Njia ya kutibu ni kuuliza kwanza kama kilichomo ni namba:

```
=IF(ISNUMBER(C2),IF(C2>=30,"Faulu","Feli"),"Hakufanya")
```

Na jedwali lako lipate mstari wa tatu na safu ya tatu:

| | K faulu | K feli | K hakufanya | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| H faulu | 33 | 8 | 0 | 41 |
| H feli | 45 | 34 | 1 | 80 |
| H hakufanya | 2 | 0 | 3 | 5 |
| Jumla | 80 | 42 | 4 | 126 |

Jedwali hili pia linamaliza ule ubishi wa mwalimu wa Kiingereza anayesema "mimi waliofaulu ni 80, wewe 78 umeitoa wapi". Wote mko sahihi. Yeye kahesabu kila aliyefanya Kiingereza, wewe umehesabu waliofanya yote mawili, na tofauti ya 2 ni wale wawili waliokosa Hesabu. Ukimpa mkuu jedwali la 120 mwandikie juu yake "waliofanya masomo yote mawili", ukimpa la 126 hakuna haja ya maelezo.

Jumla sawa, pembeni sawa, ndani si sawa

Hapa ndo pagumu. Tuchukue orodha ya wale 120 waliofanya yote mawili tu. Walimu wote wawili wanakubali namba zao, 41 na 78, jumla 120, kila mtu ameridhika, ila mwalimu wa darasa anaangalia orodha anasema "huyu binti hajawahi kupata 12 ya Hesabu tangu aje". Msikilize. Chanzo karibu kila mara ni safu moja kupangwa peke yake. Mtu alitaka kumuona wa kwanza kwenye Hesabu, akachagua safu C, akabonyeza kupanga kutoka kubwa kwenda ndogo, Eksel ikamuuliza kwenye kidirisha cha Sort Warning, yeye akachagua "Continue with the current selection" badala ya "Expand the selection". Alama za Hesabu zikahama, majina na Kiingereza vikabaki pale pale.

Waliofaulu Hesabu bado ni 41 kwa sababu hakuna alama iliyopotea, zimebadilisha wenyewe tu. Ndo maana jumla za pembeni haziwezi kukuonyesha kosa hili, hata uzihakiki mara ngapi. Ila seli za ndani zinaacha nyayo. Safu moja ikichanganywa ikakosa uhusiano na nyingine, waliofaulu yote mawili wanasogea karibu na 41 × 78 ÷ 120, ambayo ni 26.65, tuseme 27, na jedwali linakuwa kitu kama 27, 14, 51, 28. Kwa kawaida watoto wanaofaulu Hesabu wengi wao na Kiingereza wanafaulu, kwa hiyo namba ya kweli inakaa juu ya hiyo, kama 33 yetu. Ukikuta imeganda pale pale kwenye 27 haijathibitisha kitu, ila ni sababu tosha ya kwenda kwenye karatasi.

Safu zote mbili zikipangwa, kila moja kivyake, kubwa kwenda ndogo, nyayo ni wazi zaidi: yote mawili inakuwa 41, Hesabu peke yake 0, Kiingereza peke yake 37, wasio na lolote 42. Ile sifuri ndo ya kushtukia. Kwenye darasa la watoto 120 kukosa hata mmoja aliyefaulu Hesabu akafeli Kiingereza si jambo la kila siku, hasa kwetu huku ambapo unawajua kabisa vijana wanaokokotoa vizuri na insha ikawashinda.

Kuna ndugu yake mdogo wa kosa hili, ni kuandika C2:C127 upande mmoja na D3:D128 upande wa pili. Masafa yakiwa na urefu tofauti COUNTIFS inakupigia #VALUE! na unajua. Lakini hapa urefu ni sawa, mistari 126 na 126, fomula inakubali na inalinganisha Hesabu ya kila mtoto na Kiingereza cha jirani yake wa chini. Ukaguzi ni kusoma namba za mistari kwenye fomula, mwanzo kwa mwanzo.

Kuthibitisha usichukue mtoto mmoja. Chagua kama wanane kutoka juu, katikati na mwisho wa orodha, weka karatasi zao za mitihani mezani, linganisha alama zote mbili kwa namba ya mtahiniwa, si kwa jina, kwa sababu darasa moja linaweza kuwa na kina Hassani watatu. Wawili tu wasipolingana, acha kuhesabu. Kama faili bado liko wazi rudi nyuma kwa Ctrl+Z. Kama limeshahifadhiwa na kufungwa na huna nakala ya zamani, alama zile haziwezi kurudi kwa wenyewe kwa ujanja wowote wa fomula, inabidi safu iliyohama ijazwe upya kutoka kwenye karatasi au fomu ya alama ya mwalimu wa somo. Ni kazi ya mchana mzima na haina njia ya mkato.

Jedwali ni sahihi, ila asilimia mbili zinapingana

Mwalimu mmoja anaandika kwenye taarifa 80%, mwingine 42%, mwingine 27.5%, wote wakisema ni ya waliofaulu yote mawili. Juu ni 33 kwa wote, kilichobadilika ni cha chini. 33 kati ya 41 waliofaulu Hesabu ni kama 80%. 33 kati ya 78 waliofaulu Kiingereza ni kama 42%. 33 kati ya watoto wote 120 ni 27.5%.

Zote ni kweli na zinajibu maswali tofauti. Ya kwanza inasema aliyefaulu Hesabu mara nyingi na Kiingereza anacho. Ya pili inasema aliyefaulu Kiingereza mara nyingi Hesabu hana, na kwa mwenye kupanga darasa la jioni hii ndo yenye kazi, maana ndani yake wamo wale 45 ambao lugha ya kuelewa swali wanayo na wanahitaji mwalimu wa Hesabu tu. Kwenye taarifa kila asilimia iandike na idadi zake, "33 kati ya 78 waliofaulu Kiingereza", na kwa darasa la jioni toa orodha ya majina kutoka seli nne za ndani, kila seli karatasi yake.